Kiulizi Kilichofutwa: Uhakiki wa Kiimbo cha Swali katika Usemi wa Kompyuta wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna mifumo ya kompyuta inayogeuza matini kuwa usemi inavyoamua kiimbo cha swali la ndiyo au siyo katika Kiswahili. Kiini cha uhakiki ni modeli ya Kiswahili ya mradi wa MMS, uliotolewa na kampuni ya Meta mwaka 2023. Modeli hiyo hupokea matini iliyoondolewa alama za uakifishi. Inadaiwa hapa kwamba uamuzi huo, unaoonekana kuwa wa kusafisha data tu, umeinyima modeli njia ya kutofautisha sentensi ambazo Kiswahili huzitofautisha kwa kiimbo peke yake, na kwamba vipimo vinavyozoeleka katika taaluma hiyo haviwezi kulifichua kosa hilo.

1. Utangulizi

Sentensi *Mama amerudi.* na *Mama amerudi?* zina maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule, na viambishi vilevile. Katika maandishi hutenganishwa na alama moja ya mwisho; katika usemi hutenganishwa na kiimbo. Kiswahili hakilazimishi mpangilio wa maneno ubadilike ili kauli iwe swali, wala hakidai kitenzi kisaidizi. Kiingizi *je* kipo, lakini si cha lazima, na katika mazungumzo ya kawaida ya nyumbani aghalabu huachwa. Kwa hiyo msikilizaji asiyeona maandishi hutegemea mwendo wa sauti ili ajue kama anapashwa habari au anaulizwa.

Suala hili lina uzito kwa sababu ya aina ya watumiaji wa usemi wa kompyuta. Mwanafunzi asiyeona anayesomewa tamthiliya na kompyuta hana ukurasa wa kurejelea. Akifikia majibizano mafupi kama haya:

— Amerudi?
— Amerudi.
— Na mtoto?

na mashine ikayasoma yote kwa mteremko mmoja wa kauli, hatasikia kwamba wahusika ni wawili, wala kwamba mmoja ana wasiwasi na mwingine anamtuliza. Atasikia mtu mmoja anayejirudia. Kila neno litakuwa limetamkwa kwa usahihi, ilhali tukio litakuwa limepotea.

2. Kiimbo kama sehemu ya sarufi

Wanaisimu wa Kiswahili hawakuchelewa kuliona jambo hili. E. O. Ashton alilitaja neno kiimbo katika kichwa chenyewe cha kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1944, na mwaka 1975 Joan Maw na John Kelly walichapisha utafiti mzima juu ya kiimbo cha Kiswahili. Maelezo ya kina yanatofautiana kwa lahaja na kwa mtafiti, lakini mambo ya msingi yanajulikana. Katika kauli ya kawaida, kidatu hushuka hatua kwa hatua kuelekea mwisho wa sentensi. Katika swali la ndiyo au siyo lisilo na *je*, kidatu cha jumla huwa juu zaidi, mteremko huo huzuiwa, na mpando hujikusanya katika silabi yenye mkazo ya neno la mwisho, yaani silabi ya pili kutoka mwisho. Katika *Mama amerudi?* silabi inayobeba kazi hiyo ni *ru*. Haitoshi, basi, kuinua ncha ya sentensi. Mpando ukiangukia silabi ya mwisho, *di*, mzungumzaji atasikia lafudhi ya kigeni kabla hajasikia swali.

Maswali yenye neno la kuuliza ni jambo jingine. Katika *Umenunua nini?* au *Wanakaa wapi?* kazi ya kuuliza imekwisha kufanywa na *nini* na *wapi*, na kiimbo kinaweza kushuka karibu kama cha kauli bila maana kupotea. Hivyo kiulizi cha maandishi si alama ya kiimbo kimoja. Kinaandikwa kwa namna moja juu ya miundo miwili ambayo sauti huishughulikia kwa namna mbili.

Ni haki kusema pia kwamba si kila sifa ya kiarudhi inaielemea mashine kwa kiasi kilekile. Mkazo wa neno hauna taabu kubwa, kwa kuwa mahali pake panatabirika. Maneno yanayokiuka kanuni, kama *barabara* yenye maana ya sawasawa, inayowekewa mkazo katika silabi ya pili na si ya tatu kama ilivyo kwa njia ya kupitia magari, ni machache kiasi cha kuweza kuorodheshwa. Hata msisitizo hauko katika hatari kubwa, kwani Kiswahili hupenda kuuonyesha kwa muundo: *ni Asha aliyekuja*, *Asha ndiye aliyekuja*. Mfumo usiojua kusisitiza kwa sauti hupoteza machache hapa kuliko unavyopoteza katika Kiingereza. Katika swali la ndiyo au siyo hali ni kinyume: sarufi imeikabidhi sauti kazi yote.

3. Kutoka kanuni hadi modeli

Katika mifumo ya kizazi kilichopita maamuzi ya kiarudhi yalikuwa yameandikwa wazi, na mtu aliweza kuyasoma. Mfano mzuri ni Festival, mfumo uliotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, ambao pia ulitumiwa katika kujenga mfumo wa usemi wa Kiswahili kwa ushiriki wa Chuo Kikuu cha Nairobi katikati ya miaka ya 2000. Mwongozo wa Festival unatoa mti mdogo wa maamuzi ya vituo. Neno likifuatwa na nukta, kiulizi au nukta pacha, weka kituo kikubwa. Likifuatwa na mkato au nukta mkato, weka kituo kidogo. Likiwa la mwisho katika usemi, weka kituo kikubwa. Vinginevyo usiweke kitu. Kwa upande wa kidatu, mbinu sahili kuliko zote katika mfumo huo ni mstari ulionyooka unaoshuka, ambao kwa thamani zake za chaguo-msingi huandikwa hivi:

```
(set! duffint_params '((start 130) (end 110)))
```

Sauti inaanza katika hezi 130 na kuishia katika hezi 110, liwe swali au kauli. Kwa sikio la Mswahili huo ni umaskini mkubwa. Hata hivyo umaskini wenyewe uko hadharani. Mtaalamu anayeona kwamba kiulizi kimewekwa katika kundi moja na nukta anaweza kukitoa humo, akaandika kanuni nyingine kwa ajili yake, na kusikia matokeo siku hiyohiyo.

Modeli za mitandao ya neva hazina ukurasa wa namna hiyo. Hujifunza uhusiano wa herufi na sauti kutokana na rekodi nyingi zenye maandishi yake, na kiimbo hutokana na uhusiano huo kama zao la pembeni. Mradi wa MMS ulikusanya rekodi za usomaji wa Agano Jipya na kuzitumia kutengeneza modeli za usemi kwa zaidi ya lugha 1,100, kila lugha na modeli yake, kwa muundo unaoitwa VITS. Kwa lugha nyingi kati ya hizo hiyo ni sauti ya kwanza ya kompyuta kuwahi kuwapo, na uhakiki wowote unaosahau jambo hilo hautakuwa wa haki.

Lakini maelezo ya matumizi ya modeli hizo yanasema bayana kwamba zilifunzwa kwa matini ya herufi ndogo isiyo na alama za uakifishi, na kwamba kitenganishi cha matini huondoa alama hizo kabla ya kuipa modeli chochote. Msomaji mwenye kompyuta anaweza kulithibitisha jambo hilo kwa mistari mitatu:

```
from transformers import VitsTokenizer
t = VitsTokenizer.from_pretrained("facebook/mms-tts-swh")
t("Mama amerudi?").input_ids == t("Mama amerudi.").input_ids
```

Jibu la ulinganisho huo ni `True`. Swali na kauli vimekuwa mfuatano mmoja wa namba. Kuanzia hapo hakuna hatua yoyote ndani ya modeli, hata ingekuwa na ustadi gani, inayoweza kujua ni ipi kati ya sentensi mbili iliyoandikwa na mwandishi.

Kuondoa alama za uakifishi ni desturi ya kazi ya kutambua usemi, ambako kompyuta husikiliza na kuandika. Kule alama hizo hazisikiki kama herufi, na kuziacha huvuruga ulinganishaji wa sauti na maandishi. Desturi hiyo ikihamishiwa katika kazi ya kusema, mantiki yake hugeuka. Kinachoonekana kuwa takataka kwa anayeandika anachosikia ndicho pekee kinachomwelekeza anayesoma. Wala si muundo wa VITS uliolazimisha hivyo, kwa kuwa orodha ya alama katika toleo la awali la VITS la mwaka 2021 ina nukta, mkato, kiulizi na alama ya mshangao. Uamuzi ulifanyika katika kuandaa data.

4. Sentensi moja, sauti nyingi

Mtu anaweza kuuliza: je, modeli haikusikia maswali katika rekodi zake? Iliyasikia. Agano Jipya limejaa maswali, na msomaji aliyerekodiwa bila shaka aliyasoma kama maswali. Tatizo ni mahali ambapo tofauti hiyo ilihifadhiwa wakati wa mafunzo. VITS imejengwa juu ya wazo kwamba matini moja inaweza kusemwa kwa namna nyingi: kwa haraka au polepole, kwa kidatu cha juu au cha chini. Kila kinachosikika katika rekodi lakini hakina dalili katika maandishi husukumwa upande wa bahati nasibu, na wakati wa kusema modeli huchota kutoka humo. Ukubwa wa bahati nasibu hiyo unaweza kurekebishwa. Kwa kawaida `noise_scale` huwekwa 0.667, na ile ya wakaa, `noise_scale_duration`, 0.8. Ndiyo maana sentensi moja ikisomwa mara mbili bila kufunga mbegu ya bahati nasibu hutoka na urefu na mwendo unaotofautiana kidogo.

Wazo hilo ni zuri kwa tofauti za hiari. Msomaji mmoja hutua kidogo baada ya kiima, mwingine hatui, na wote wawili wako sahihi. Kosa liko katika kulihesabu swali miongoni mwa tofauti hizo. Kwa kufuta kiulizi, mradi uliihamisha tofauti ya kisarufi kutoka upande wa matini, ambako inaamuliwa na mwandishi, hadi upande wa bahati nasibu, ambako haiamuliwi na yeyote. Kwa kuwa kauli ni nyingi kuliko maswali katika usomaji wa masimulizi, inatarajiwa kwamba *Mama amerudi?* itaelekea zaidi kutoka kama kauli. Ikitokea siku moja ikatoka na mpando, *Mama amerudi.* nayo ilikuwa na nafasi ileile ya kutoka hivyo.

Watumiaji wengine huponya hali hii kwa kuongeza *je* kabla ya kila swali, kwa kuwa *je* ni herufi na kitenganishi hakiiondoi. Dawa hiyo inafanya kazi kwa kiasi fulani, kwani modeli inaweza kujifunza kulihusisha neno hilo na kiimbo cha swali. Lakini haifai kwa matini ya fasihi. Mke anayemwuliza mumewe mlangoni *Umekula?* hasemi sawa na anayemwuliza *Je, umekula?* La pili lina urasmi, au kejeli, au umbali. Mwandishi aliyeacha *je* alifanya uteuzi wa rejista, na mashine haina mamlaka ya kumsahihisha.

Kufutwa kwa nukta kuna athari yake pia, ingawa ni rahisi kuitambua. Aya nzima ikitiwa katika modeli kama ilivyo, mipaka ya sentensi hutoweka na maneno hufuatana kama kwamba ni sentensi moja ndefu. Kwa hiyo watumiaji huikata aya penye nukta kwanza, husomesha kila kipande peke yake, kisha huviunganisha kwa ukimya. Vituo hurejea, lakini kila sentensi huanza upya katika kidatu chake, na ule mshuko mpana ambao msimuliaji hodari huutumia kufunga aya hausikiki.

5. Kwa nini vipimo havikulibaini

Kipimo kinachotumiwa zaidi kutathmini usemi wa kompyuta ni wastani wa maoni ya wasikilizaji. Watu husikiliza sentensi mojamoja na kutoa alama kuanzia 1 hadi 5 kwa uasilia wake. *Mama amerudi* iliyosomwa kwa mteremko laini wa kauli ni usemi wa asili kabisa, na msikilizaji ataipa 4 au 5 kwa haki. Kosa halimo katika sauti bali katika uhusiano wa sauti na matini, na hilo halijaulizwa. Kipimo cha pili, ambacho mradi wa MMS pia ulikitumia, ni kuipa sauti iliyotengenezwa mfumo wa kutambua usemi na kuhesabu herufi zilizokosewa. Kikitumika juu ya maandishi yasiyo na uakifishi, kipimo hicho kimepofuka mahali palepale modeli ilipopofuka, na kitaripoti kwamba mambo ni shwari.

Jaribio linalofaa si gumu. Zichukuliwe sentensi 20 za Kiswahili zisizo na *je* wala neno la kuuliza, kila moja iandikwe mara mbili, kwa nukta na kwa kiulizi, na mfumo usome zote. Rekodi 40 zichanganywe, msikilizaji asione maandishi, na kwa kila rekodi ajibu jambo moja tu: ameambiwa au ameulizwa? Anayebahatisha atapata karibu 20. Jumla hiyo peke yake inaweza kudanganya, kwa sababu msikilizaji anayezisikia rekodi zote kama kauli atapata 20 vilevile: kauli zote 20 sahihi na maswali yote 20 kombo. Kwa hiyo maswali yahesabiwe peke yake. Aidha, mtu halisi asome jozi hizohizo chini ya masharti yaleyale. Ikiwa wasikilizaji hawamwelewi hata yeye, tatizo ni sentensi zilizochaguliwa na si mashine.

Kuhusu modeli isiyopokea kiulizi, matokeo ya jaribio hili yanajulikana kabla halijafanywa: haiwezi kuishinda bahati nasibu isipokuwa kwa bahati. Faida ya jaribio iko kwa mifumo inayodai kukisoma kiulizi. Kwa hiyo iongezwe seti ya maswali yenye *nini*, *wapi*, *lini* na *nani*, na hapo wasikilizaji waulizwe kama mwendo wa sauti ni wa kawaida. Mfumo unaoinua sauti kila uonapo kiulizi utafaulu katika seti ya kwanza na kujifichua katika ya pili, kwa kumfanya anayeuliza *Wanakaa wapi?* asikike kama anayerudia swali ambalo hakuamini alilisikia.

6. Mpaka wa alama

Marekebisho ya kwanza yanajitokeza yenyewe. Maandishi ya Biblia yana uakifishi, na modeli inaweza kufunzwa upya kwa matini kamili. Njia nyingine ni kutumia muundo unaokadiria kidatu waziwazi, kama FastSpeech 2 ya mwaka 2020, ambao hutabiri wakaa, kidatu na nguvu ya sauti kabla ya kuitengeneza sauti yenyewe. Hapo mwanaisimu anaweza kutazama thamani iliyotabiriwa kwa silabi *ru* ya *amerudi* na kuipandisha kwa mkono, kama alivyoweza katika enzi ya Festival.

Hata hivyo, kurudisha alama zote hakutoshi, kwani ziko tofauti za kiimbo ambazo maandishi ya Kiswahili hayajawahi kuziwekea alama. Katika *Mwalimu aliyefika jana alimwita Asha*, kituo kikiwekwa baada ya *jana*, aliyefika ndiye wa jana. Kikiwekwa kabla yake, kuitwa kwa Asha ndiko kulikotokea jana. Waandishi wengi hawaweki mkato popote hapo. Kanuni ya kuweka kituo mbele ya kitenzi kikuu, yaani kitenzi cha kwanza kisicho na kirejeshi baada ya kile chenye *-ye-*, itatoa usomaji wa kwanza, ambao ndio wa kawaida zaidi. Usomaji wa pili hauwezi kupatikana kwa kuitazama sentensi hiyo peke yake. Ikiwa sentensi iliyotangulia imesema kwamba mwalimu alifika juzi, msomaji binadamu atatua kabla ya *jana* bila kufikiri, ilhali mfumo unaokata aya penye nukta na kusoma kipande kimojakimoja umekwisha kuitupa sentensi hiyo ya juzi kabla haujaanza kusema.